Ukumbi wa Maulidi Hupambwa kwa Jicho la Aliyekaa Chini

Harusini watu hukaa vitini, wakazungumza, wakainuka kwenda kumtazama bibi harusi, wakarudi. Kwenye maulidi watu huvua viatu mlangoni, wakakaa juu ya busati au mikeka, na wakatulia hapo saa mbili au tatu wakisikiliza na kuitikia. Jicho la mtu mzima aliyekaa chini liko kiasi cha sentimita 75 hadi 80 kutoka sakafuni. Baadaye, msomaji anapofika pahala pa kuzaliwa Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, ukumbi mzima husimama kwa kiyamu na macho yote hupanda mara mbili ya hapo. Anayepamba ukumbi wa maulidi bila ya kuyafikiria mambo haya mawili hutundika vitu vizuri pahala ambapo hakuna atakayeviona.

Nimekuwa nikisaidia kupamba maulidi hapa Unguja tangu nilipokuwa msichana wa kutunga asumini tu. Nataka nieleze kazi moja kwa ukamilifu, ukumbi wa madrasa tulioupamba mwezi wa Mfungo Sita, kwa sababu kumbi za namna hii ndizo nyingi: si kubwa, dari si refu, na fedha iliyochangwa si ya kuchezea. Ukumbi ule una urefu wa mita 18 na upana wa mita 10. Dari liko mita 3.4. Juu kuna mapangaboi sita na taa za tyubu nane zenye mwanga mweupe mkali. Nyuma, theluthi moja ya ukumbi hutengwa kwa pazia ikawa upande wa wanawake.

Kabla ya kununua hata uzi, tuliingia ukumbini usiku na tukakaa chini. Wenzangu wawili walikaa mbele, pahala pa wasomaji, na mimi nikakaa safu ya nyuma ya wanaume. Kilichoonekana kilinifunza zaidi ya vitabu vyote vya mapambo. Vichwa vya wasomaji waliokaa vinafika karibu sentimita 90, kwa hiyo ukuta wote wa chini ya hapo hauonekani. Eneo linaloonekana vizuri ni kati ya mita 1 na mita 1.6. Kisha tukasimama, mimi nikiwa nyuma ya watu warefu. Sasa eneo lile lote limefichwa na migongo, na kinachobaki ni cha juu ya mita 1.8. Basi ukuta wa mbele una mikanda miwili: wa chini kwa waliokaa, ambao ndio wa muda mrefu, na wa juu kwa dakika zile za kiyamu. Maua na mikunjo mizuri ya kitambaa tuliiweka kwenye mkanda wa chini. Maandishi ya kumsalia Mtume tuliyaweka kwenye mkanda wa juu, mita 2.2 kutoka chini. Hapo yanasomeka watu wakiwa wima, na pia ndipo adabu inapotaka yawepo: maneno matukufu hayawekwi usawa wa miguu, wala pahala ambapo mtu ataegemea kwa mgongo.

Tukaja kwenye kitambaa. Wengi hukimbilia satini kwa sababu dukani inavutia. Mimi siitumii mbele ya wasomaji, na sababu ni mwanga. Satini hung'aa, na taa inapoipiga kwa pembeni, kila mkunjo hutoa mwali unaomchoma machoni mtu anayeutazama kwa saa mbili. Kitambaa kisichong'aa, kama popolini nyeupe ya pamba, huupokea mwanga na kuutandaza. Popolini ina kero yake, hukunjamana, lakini ukiitundika usiku wa kuamkia siku yenyewe, ukainyunyizia maji kidogo na kuinyoosha kwa mkono, asubuhi imeshajinyoosha kwa uzito wake.

Hesabu yake si ngumu. Hatukupamba ukuta wote wa mita 10. Tulichukua mita 6 za katikati, kwani wasomaji hawazidi hapo, na pembeni ukuta mtupu unapumzisha macho. Kitambaa kikitundikwa bapa huonekana kama shuka iliyoanikwa. Ili kiwe na marinda yanayoanguka vizuri, kinatakiwa kiwe na upana mara mbili ya ukuta, yaani mita 12. Popolini tuliyoipata ina upana wa mita 1.5, kwa hiyo vipande vinane. Hatukukipandisha hadi darini. Tulikianzia mita 2.8. Ukiongeza upindo wa juu wa kupitisha bomba na upindo mdogo wa chini, kila kipande kinahitaji karibu mita 3. Vipande vinane mara mita 3 ni mita 24, tukanunua 25. Ile mita iliyobaki si ya kupoteza: kila mara kuna kipande kitakachokatwa vibaya, na kama hakuna, hupatikana vitambaa vya kufunikia masinia.

Vipande nane vya namna hii vina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Waya mwembamba uliofungwa kwenye misumari miwili utabonyea katikati, na mstari wa juu ukibonyea kazi yote huonekana imelegea. Tulitumia mabomba mawili ya chuma ya mita 3, yaliyounganishwa katikati, juu ya nguzo tatu za mbao zilizosimamishwa ndani ya ndoo za zege. Nguzo hizi ni bora kuliko misumari kwa jambo jingine pia: zinakiacha kitambaa mbali na ukuta, na nafasi hiyo, kiasi cha sentimita 40, ndiyo nyumba ya taa. Chini kitambaa kiliachwa sentimita 5 juu ya busati, kisikanyagwe.

Dari hatukuligusa. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu niliwahi kulipamba. Mwaka mmoja, katika ukumbi mwengine, tulivuta vitambaa kutoka katikati ya dari hadi kwenye kuta nne, vikining'inia kama hema. Mchana kilipendeza kila mtu. Usiku, pangaboi lilipowashwa, kitambaa kimoja kilivutwa na upepo wake kikagusa panga. Hakikukatika mtu wala kitu, lakini ilibidi tuzime mapangaboi yote. Ukumbi ulikuwa umejaa, udi unafuka, madirisha nusu yamefunikwa na mapambo yetu. Kufika kiyamu wazee wawili walikuwa wameshatolewa nje kupunga upepo. Tangu siku hiyo sheria yangu ni kwamba ukumbi wenye pangaboi haupambwi dari, na dirisha halifunikwi kwa ajili ya uzuri.

Sasa mwanga, ambao naona ndio unaokosewa zaidi. Watu husikia "mwanga wa upole" wakazima taa zote, wakawasha za rangi. Lakini maulidi ni kisomo. Barzanji, iliyotungwa na Sayyid Jaafar al-Barzanji wa Madina katika karne ya 18, husomwa kitabuni, na msomaji hupokezana na mwenzake. Hata wale wanaosoma Maulidi ya Habshi, ya Habib Ali al-Habshi wa Seiyun huko Hadhramaut, ambayo Lamu husomwa kwa matari kwenye Msikiti wa Riyadha, wanahitaji kuona. Mwanga wa upole maana yake ni mwanga ambao chanzo chake hakionekani. Giza ni jambo jengine.

Tulifanya hivi. Tyubu nne za mbele, zilizo juu ya wasomaji, tulizizima, na nne za nyuma tukaziacha mpaka watu walipokwisha kukaa. Nyuma ya kitambaa tuliweka taa sita ndogo sakafuni, moja kila mita, za aina ya LED, kila moja wati 7. Kwenye boksi lake tulitafuta maandishi 2700K, ambayo ndiyo rangi ya manjano-manjano inayokaribia ya fanusi. Zilizoandikwa 6500K ni nyeupe ya bluu, kama ya hospitali. Siri iko kwenye mwelekeo. Taa hazikuelekezwa kwenye kitambaa, ziliupa mgongo. Zilielekezwa ukutani, mwanga ukagonga ukuta mweupe, ukarudi, ukapita katikati ya nyuzi za popolini. Taa ikielekezwa kwenye kitambaa moja kwa moja, watu huona duara sita zinazowaka. Ikigonga ukuta kwanza, huonekana ukuta mzima umekuwa na nuru, yenye nguvu zaidi chini na ikififia kuelekea juu. Zote sita hazifiki wati 50, kwa hiyo zinaweza kuendeshwa na betri ndogo umeme ukikatika, na hazipati moto kama zile za zamani za halojeni. Za halojeni zisiwekwe karibu na kitambaa kabisa. Nimeshaona upindo ukigeuka kahawia kabla ya mtu kusikia harufu.

Nuru hii ya nyuma ni nzuri kwa wanaotazama na mbaya kwa wanaosoma, kwani inawajia wasomaji mgongoni na kuwatupia kivuli kitabuni. Hilo tuligundua usiku wa majaribio. Tulimwomba maalimu mkubwa kuliko wote, ambaye amepita miaka sabini, akae pahala pake na afungue kitabu. Akakisogeza, akakirudisha, kisha akasema, "Mwanangu, herufi naziona. Irabu sizioni." Tukaongeza taa mbili zenye kofia, juu ya nguzo za pembeni, urefu wa mita 2.2, zikiangaza chini mbele ya wasomaji. Kofia zake tulizigeuza mpaka mtu aliyekaa safu ya kwanza asiione balbu. Maalimu akafungua tena, akatofautisha shadda na sukuni bila ya kukisogeza kitabu. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini, na hakihitaji chombo: msomaji mzee kuliko wote, pahala pake, kwa miwani yake, usiku.

Taa za rangi na za kumetameta sizipendi kwa maulidi. Watu huchagua kijani kwa sababu ni rangi inayopendwa katika mambo ya dini, nami pia naipenda. Lakini kijani cha kitambaa si sawa na kijani cha taa. Nuru ya kijani ikimwangukia mtu usoni humfanya aonekane mgonjwa, na mawaridi mekundu huonekana meusi. Tukitaka kijani, tunashona utepe wa kitambaa. Wetu ulikuwa na upana wa sentimita 30, ukapita juu ya ile popolini nyeupe, na juu yake ndipo palipokaa maandishi.

Maua ya maulidi huchaguliwa kwa pua kwanza. Maua makubwa ya dukani yanayokuja na sponji yana rangi, lakini mengi hayana harufu, na yakisimamishwa kwenye vyombo virefu huwaziba waliokaa chini. Maua yetu ni ya kulala: asumini, langilangi, mawaridi, rehani na mkadi. Hukaa kwenye sinia, juu ya jani la mgomba, chini kabisa, katikati ya safu za watu. Kwa ukumbi ule tuliweka masinia saba, manne kwa wanaume na matatu kwa wanawake, na makoja manne ya asumini yaliyopita mbele ya popolini kwenye ule mkanda wa chini, usawa wa mita 1.3. Makoja tuliyafunga kwa uzi kwenye marinda. Pini hutoboa na kutu yake haitoki kwenye nyeupe.

Asumini ina saa yake, na asiyeijua huifisha. Huchumwa jioni ingali changa, imefumba. Hutungwa alasiri hiyo hiyo, ikaviringishwa ndani ya kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, ikawekwa pahala pa baridi penye kivuli. Baada ya Magharibi hutolewa na kuwekwa pahala pake. Kufika Isha huanza kufumbua yenyewe, na harufu yake hukua kadiri kisomo kinavyosonga mbele. Ukiitundika adhuhuri, hufumbua mapema, na wakati wa kiyamu imeshakuwa rangi ya chai. Ukiinyunyizia maji ikiwa imefumbua, hupata madoa. Langilangi nayo isichumwe ikiwa kijani. Harufu yake hukamilika inapogeuka manjano. Mkadi ni mkali, kipande kimoja kilichochanwa nyuzi nyuzi kinatosha sinia zima, na majani yake yana miba, kwa hiyo asikabidhiwe mtoto.

Masinia hayakai chini ya pangaboi. Upepo wake hukausha rehani kwa muda mfupi, ikajikunja. Tuliyaweka katikati ya pangaboi moja na jengine, na hapo yalifika mwisho wa kisomo yakiwa na uhai.

Kuna jambo la msimu ambalo vikundi vingi hulisahau. Mfungo Sita hufuata mwezi, kwa hiyo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 11 hivi. Mwaka 2015 tarehe 12 yake iliangukia Disemba, wakati wa joto. Mwaka 2025 ilikuwa mwanzoni mwa Septemba, wakati kusi bado kinavuma. Kwa miaka kadhaa inayokuja itazidi kuingia Agosti na Julai, miezi ya baridi, ambapo asumini hupungua miti. Aliyezoea kuagiza maua siku mbili kabla hatayapata. Sisi sasa tunazungumza na akina mama wenye miti wiki tatu kabla, na tunaongeza rehani na mawaridi ili sinia lijae hata asumini ikiwa kidogo.

Nirudi kwenye udi, maana hapa pambo na hatari hukutana. Chetezo huzungushwa ukumbini, na wakati wa kiyamu mtu hupita na mrashi akiwanyunyizia watu marashi. Moto unapita karibu na kitambaa cha pamba, na maji yanapita juu ya waya za umeme. Makaa hutiwa kwenye chetezo yakiwa yameiva, yana majivu meupe juu, kwa sababu makaa machanga hurusha cheche. Chetezo hukaa ndani ya sinia lenye mchanga na haliletwi karibu na popolini kuliko hatua mbili za mtu mzima. Soketi za kuunganishia taa tuliziweka juu ya kibao nyuma ya kitambaa, na waya tukazipitisha kandokando ya ukuta chini ya utepe wa kunata, si chini ya busati ambako watu watazikalia. Na ndoo mbili za maji zilikaa nyuma ya nguzo, kila upande moja. Mwenye pumu huumia na udi kabla ya mwengine yeyote kuhisi, kwa hiyo madirisha yote ya upande mmoja yalibaki wazi.

Sasa upande wa wanawake. Katika kumbi nyingi mapambo yote huishia mbele kwa wanaume, na nyuma ya pazia wanawake hukaa chini ya tyubu kali, wakitazama kitambaa cha pazia kwa nyuma yake, mshono nje. Sauti ya kisomo inawafikia, uzuri hauwafikii. Wengi wao ndio waliotunga yale makoja. Tulishona pazia lenye nyuso mbili, tukaweka mbele yao taa mbili za aina ile ile na masinia matatu, na vikuba kwenye sahani mlangoni, kila anayeingia achukue kimoja akibane kifuani. Gharama iliyoongezeka ilikuwa ndogo kuliko ya chombo kimoja cha maua ya dukani. Bibi mmoja aliniita baada ya dua, akanishika mkono, akasema, "Leo na sisi tumealikwa." Naomba kila kamati ya maulidi ipange upande huu kwanza, fedha ikiwa bado ipo.

Kubomoa kuna adabu yake. Maandishi hutangulia kuteremshwa, yakakunjwa kwa ndani. Maua hutolewa usiku huo huo, kwani yakilala juu ya kitambaa huacha madoa ya njano yasiyotoka. Popolini hufuliwa kwa maji baridi, ikakauka kabisa kabla ya kukunjwa. Ikikunjwa mbichi huota vidoa vyeusi vya ukungu. Vipande vyetu nane vimo kwenye sanduku la madrasa, vimefuliwa, na Mfungo Sita huu vitatundikwa kwa mara ya nne.